Mfiwa Asiyelia

Mara nyingi asiyelia msibani ni mtoto mkubwa wa marehemu. Ndiye aliyepokea simu ya hospitali, akahangaikia sanda na gari, akaandika majina ya waliochanga, akasimama mlangoni kupokea wageni. Siku ya nne au ya tano, watu wanapopungua, humnong'oneza mtu anayemwamini: “Sijatoa hata tone la chozi. Sihisi kitu. Ni kama nimekufa ganzi.” Jibu atakalopewa hutegemea sana desturi aliyokulia anayemjibu. Nitazilinganisha desturi tatu, ya Waislamu wa Pwani, ya Wajaluo na ya Wayahudi, kwa kuwa kila moja ina kanuni yake kuhusu machozi na maneno, na kila moja humsitiri mtu huyu upande mmoja na kumwacha wazi upande mwingine.

Pwani, machozi yana ruhusa na mayowe yana makatazo. Hadithi mashuhuri inaeleza kuwa Mtume Muhammad alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, na Abdulrahman bin Auf alipostaajabu, akaambiwa kuwa machozi hayo ni rehema. Kinachokatazwa ni niaha: kupiga ukemi, kujipiga mashavu, kuchana nguo. Kanuni hii humfaa sana mfiwa mwenye ganzi, maana hakuna anayemdai kelele. Shida huja na sifa. Wanaokuja kuhani humwona ametulia, wakasema, “Mashaallah, ana subira.” Lakini subira ni kuubeba uchungu unaouhisi, na huyu hauhisi. Amesifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na sasa akisema ukweli ataonekana anaitupa heshima aliyopewa. Ananyamaza, na watu wanauhesabu ukimya huo kuwa subira zaidi.

Kwa Wajaluo wa magharibi mwa Kenya, kilio ni kazi ya hadhara. Nduru ndiyo hutangaza kifo, na wengi wanaofika huingia bomani wakilia kwa sauti, wakimtaja marehemu na sifa zake. Kwa desturi ya zamani nyatiti hupigwa, na katika tero buru wanaume huswaga ng'ombe na kukimbia na silaha kuyafukuza mauti. Mfiwa aliyekauka hapa hahitaji kuanzisha chochote. Sauti za wengine humzunguka na kumbeba, na mwili wake una mahali pa kukimbia hata kama moyo haujaamka. Ila macho ya hadhara yana ukali wake. Mjane asiyetoa chozi anaweza kuzusha minong'ono: hakumpenda, au analijua analolijua kuhusu kifo hiki. Kile ambacho Pwani husifiwa, huku hutiliwa shaka. Katika hali zote mbili watu wamelitafsiri jicho kavu kabla mwenye jicho hajasema neno.

Wayahudi wamelizuia kosa hilo kwa kanuni ya mazungumzo. Katika shiva, siku saba baada ya maziko, mfiwa huketi kwenye kiti kifupi, na desturi yao ni kwamba mgeni asifungue mazungumzo mpaka mfiwa aanze. Wahenga wa Talmudi waliitoa kanuni hii katika Kitabu cha Ayubu: marafiki zake walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na Ayubu ndiye aliyeanza. Msomaji wa Ayubu anajua pia kilichofuata. Marafiki wale walifanya vyema walipokuwa kimya, wakaharibu walipoanza kumweleza maana ya msiba wake. Hata kabla ya maziko, mfiwa wa Kiyahudi huondolewa wajibu wa sala, kana kwamba sheria yenyewe imekubali kuwa moyo wake haupo. Udhaifu wa kanuni hii ni kwamba mwenye ganzi huenda asianze kabisa, na mgeni mtiifu akaondoka akiwa amemwacha palepale.

Wataalamu wa nafsi nao wamepita njia yenye kona. Mwaka 1937 Helene Deutsch aliandika kuwa huzuni isiyojitokeza itatafuta njia nyingine ya kutoka, na kwa muda mrefu jicho kavu likachukuliwa kuwa dalili mbaya. Baadaye John Bowlby na Colin Murray Parkes waliiweka ganzi mwanzoni kabisa mwa maombolezo, kama hali ya kawaida. Mwaka 1989 Camille Wortman na Roxane Silver walionyesha kuwa ushahidi wa dhana kwamba kila mfiwa lazima avunjike kwanza ndipo apone ulikuwa hafifu. Kwa hiyo ushauri wetu wa kila siku, “Lia, mwanangu, utoe uchungu,” hauna msingi imara, na mtu asiyeweza kulia huusikia kama mtihani wa pili anaoufeli.

Tuseme basi mtoto huyo mkubwa ni kijana aliyefiwa na baba, na siku ya tano amekaa barazani na mjomba wake.

“Mjomba, sijalia. Labda sikumpenda baba.”

Hapo pana mambo mawili: hali, na hukumu aliyojipa kwa sababu ya hali hiyo. Mjomba akikimbilia kusema “Ulimpenda sana,” ameijibu hukumu na kuifunga habari. Afadhali aanze na hali: “Hujalia, na unajihesabia kosa. Ilianza lini hiyo?”

“Tangu simu ile. Nilikata simu nikaanza kutafuta gari.”

“Na tangu hapo umelala?”

“Kidogo. Nakula, lakini sisikii ladha.”

Maswali ya usingizi, chakula na kilichofanyika saa ile yanajibika. Swali la “unajisikiaje” halijibiki, kwa kuwa kutohisi ndiko anakolalamikia. Baada ya hapo mjomba anaweza kuigusa hukumu: “Tangu simu ile hujakaa chini, umembeba baba yako mpaka kaburini. Wengi hupatwa na hiyo. Si kipimo cha mapenzi. Chozi likija lije, lisipokuja sikudai.” Halafu anyamaze, hata ukimya ukiwa mrefu. Asilete kisa cha msiba wake mwenyewe, maana kijana ataanza kumfariji yeye.

Kuna mipaka. Kijana akisema anatamani kumfuata baba, mjomba amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kama alikuwa akitumia dawa za sonona, ajue kuwa baadhi yake hupunguza hisia, amwone aliyemwandikia bila kuziacha ghafla. Na ganzi ikivuka miezi sita pamoja na hamu isiyokoma ya marehemu, huku kazi na nyumba vimemshinda, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaiorodhesha ganzi ya hisia miongoni mwa dalili za huzuni ya muda mrefu inayohitaji tiba.

Ukizipanga desturi hizi kwa kalenda, kasoro moja inajitokeza: watu wengi hufika siku ambazo mfiwa hahisi kitu. Turubai likishuka, ndipo ganzi huanza kuachia, na barazani hakuna mtu. Wayahudi wana siku thelathini, na mwaka kwa aliyefiwa na mzazi. Wengi wa Pwani wana arobaini, na mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Anayetaka kumfaa kijana huyu azitumie tarehe hizo kurudi. Kabla ya kuondoka siku ya tano mjomba aseme, “Jumamosi baada ya arobaini nakuja, tutakwenda kaburini,” na Jumamosi hiyo afike.