Kurudisha maji mwilini: maji gani, na mpaka lini?

Tiba kuu ya kipindupindu huitwa "kurudisha maji mwilini". Istilahi hii inaeleweka hata kwa bibi asiyewahi kufika zahanati, na hilo ni jambo jema. Ila muuguzi mwanafunzi akiishika ilivyo tu, itampotosha mara mbili.

Kwanza, inataja maji peke yake. Choo cha kipindupindu, kile kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele, hutoka na chumvi nyingi, kwa hiyo anayepewa maji matupu anazidi kupungukiwa na chumvi. Sukari nayo haiwekwi kwa ajili ya utamu. Utumbo mwembamba hufyonza sodiamu na glukosi kwa pamoja, maji yakafuata, na njia hiyo hubaki wazi hata mgonjwa anapoharisha. Ndiyo maana paketi moja ya chumvichumvi huchanganywa katika lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Nyumbani wengi huimimina yote kwenye glasi moja, na chumvi ikizidi hivyo humdhuru mgonjwa. Mwoneshe mama chupa ya lita moja, kisha mwambie achanganye mbele yako.

Pili, "kurudisha" kunasikika kama kazi ya mara moja. Chukua mwanamume wa kilo 50 aliyelegea, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inakawia kurudi. Anahitaji mililita 100 za dripu ya ringa lakteti kwa kila kilo, yaani lita 5: lita 1.5 ndani ya nusu saa, na 3.5 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Akiweza tu kumeza, aanze na chumvichumvi. Baada ya saa tatu mapigo ya moyo yana nguvu, anaongea, na hapo ndipo wengi hufunga dripu na kumwacha alale. Kumbe bado anaharisha! Ndoo iliyo chini ya kitanda chenye tundu ikionesha lita 2 zaidi, basi lita 2 nyingine zimwingie. Sehemu hii ya pili ningependa tuiite "kufidia", ili isimezwe na ile ya kwanza.

Ndoo hiyo hiyo inaeleza pia maana ya kumtenga mgonjwa. "Kutenga" huwatisha ndugu, wengine wakaamua kumficha mgonjwa wao ndani. Waambie kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa pumzi. Kinachotengwa ni choo na matapishi yake. Ndugu mmoja anaweza kukaa naye na kumnywesha, mradi anawe mikono kwa sabuni kila amgusapo na asile chakula chumbani humo. Ndoo ipimwe na kuandikwa kwanza, kisha itiwe klorini kali ya asilimia 2 kabla ya kumwagwa chooni.