Jinsi ya kupanga nyimbo ulizopakua ili usipotee katika hazina yako

KATIKA mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, muziki husafiri kwa flashi. Utingo huichomeka kwenye redio ya matatu, kinyozi kwenye spika yake, naye mcheza santuri huibeba mfukoni akielekea harusini. Mwenye nyimbo hamsini hapati taabu. Taabu huanza zifikapo elfu tatu, mteja aombe wimbo mmoja, nawe ubaki ukibofya faili zenye majina yasiyoeleweka.

Kwanza ni muhimu kufahamu kwamba wimbo wa MP3 unaweza kuwa na majina mawili. La kwanza ni jina la faili, ambalo huonekana kwenye folda. La pili limeandikwa ndani ya faili yenyewe, katika lebo iitwayo ID3. Lebo hiyo hubeba jina la wimbo, la msanii, la albamu na mwaka. Redio nyingi za magari husoma lebo, si jina la faili. Ndiyo maana unaweza kusahihisha jina la faili na bado redio ikaonyesha anwani ya tovuti ulikoupakua wimbo huo.

Lebo ya awali, iliyobuniwa mwaka wa 1996, iliruhusu herufi 30 pekee kwa jina la wimbo, na 30 kwa la msanii. Ya pili ilitokea mwaka wa 1998, ikaongeza nafasi pamoja na mahali pa kuweka picha. Faili moja yaweza kuwa na lebo zote mbili. Ukiona jina limekatika katikati, huenda redio yako inasoma ile ya zamani.

Tumchukue Jua Cali, msanii wa genge kutoka mtaa wa California. Katika hazina ya kinyozi wetu, wimbo wake "Ruka" umehifadhiwa hivi:

```
Jua_Cali_-_Ruka_(1).mp3
```

Nyimbo nyingine zake zina lebo za "Juacali", na nyingine "Jua Kali". Mashine haijui kwamba huyo ni mtu mmoja. Hulinganisha herufi tu, hivyo humgawa msanii mara tatu. Dawa yake ni kuchagua tahajia moja, ile anayoitumia msanii mwenyewe, na kuifuata daima. Wimbo ukiwa na msanii mwalikwa, andika jina la mwenye albamu peke yake katika sehemu ya `Album Artist`, ili albamu isitawanyike.

Kazi hii haifanywi faili moja moja. Programu ya Mp3tag hubadilisha mamia kwa pamoja. Nakili kwanza folda yote mahali pengine, kwa kuwa kosa moja huenea kote. Kisha weka nafasi badala ya mistari ya chini na uondoe zile "(1)", ambazo kwa kawaida huashiria kuwa wimbo ulipakuliwa mara mbili. Sikiliza nakala zote kabla ya kufuta. Halafu chagua faili, ufungue `Convert`, kisha `Filename - Tag`, na uandike:

```
%artist% - %title%
```

Programu itachukua kilicho kabla ya kistari kuwa msanii, na kilicho baada yake kuwa wimbo. Tazama mfano unaoonyeshwa kabla ya kukubali. Ikiwa faili iliitwa "Ruka - Jua Cali", utampata msanii mpya aitwaye Ruka! Faili za namna hiyo zitenge, uzigeuze kivyake.

Sasa tuje kwa vijipicha. Picha ya jalada iliyotiwa ndani ya lebo huandamana na wimbo popote uendapo. Kijipicha kinachotengenezwa na tarakilishi au simu kwa ajili ya kuonyesha folda hukaa kando, na hakitafika kwenye redio ya matatu. Tia picha ya JPEG ya kawaida, upana na urefu wa nukta 500, isiyozidi takriban kilobaiti 60.

Ukubwa huo una sababu. Nyimbo 3,000 za megabaiti 4 kila moja hujaza gigabaiti 12. Ukiongeza picha ya megabaiti moja kwa kila wimbo, utahitaji gigabaiti 3 zaidi, na flashi ya gigabaiti 16 itakuwa pomoni. Kwa picha za kilobaiti 60, nyongeza ni megabaiti 180 tu.

Hata hivyo, lebo haitatui kila jambo. Baadhi ya redio za bei nafuu hucheza nyimbo kwa mpangilio ziliyonakiliwa, bila kujali jina wala nambari. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, futa flashi na uzinakili upya kwa utaratibu unaoutaka. Kuanzia hapo, sahihisha kila wimbo siku unapoupakua, kabla haujaingia katika folda kuu.