CrAg imetoka «positif», na mugonjwa haumwi kichwa: jamaa afanye nini?

Kwenye karatasi ya maabara kumeandikwa «CrAg +». Dada wa mugonjwa anauliza: «Mudogo wangu anatembea, anakula, kichwa hakimuumi. Juu ya nini munganga anataka tupande Butembo kumtoa maji ya mgongo?» Ni swali la haki.

CrAg ni kipimo kinachotafuta alama ya kuvu inayoitwa kriptokoki. Kuvu hiyo inakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya ndege, na mtu anaivuta kwa pumzi bila kujua. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mwingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mugonjwa sahani ao kitanda. Kwa mtu mwenye kinga nzuri, mwili unaizuia. Lakini kama virusi vya sida vimeshusha CD4 chini ya 200, na zaidi sana chini ya 100, kuvu inaweza kuingia katika damu, halafu ikapanda mpaka kwenye ubongo. Huko njo inaleta menenjiti yenye kuua.

Alama ile inaonekana katika damu mbele ya kichwa kuanza kuuma. Huko Entebbe, Uganda, watafiti walionyesha mwaka 2002 kwamba katikati kunapita kama siku 22. Kwa wengine ni siku chache tu, kwa wengine miezi. Wakati huo njo nafasi ya kumuokoa mtu.

Lakini kutosikia maumivu hakuhakikishi kwamba ubongo ni salama. Kati ya watu wenye CrAg ndani ya damu na wasio na dalili yoyote, kama mmoja kwa watatu anakutwa kuvu imekwisha kufika kwenye maji ya mgongo. Sindano inaingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia, kwa hiyo haiukati. Watu wanasema maji ya mgongo yanaua, kwa sababu mara nyingi wagonjwa wanafikishwa wakiwa wamekwisha kupoteza fahamu. Ugonjwa njo uliwaua, si sindano.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kyavinyonge wa miaka 34, aliyeacha ARV miezi mingi. CD4 yake ni 62, CrAg ni positif, maji ya mgongo yako safi. Atameza flukonazoli miligramu 800 kila siku kwa wiki mbili: vidonge vinne vya 200. Halafu vidonge viwili kila siku kwa wiki nane. Kisha kimoja kila siku, kwa mwaka mmoja ao zaidi, mpaka CD4 ipande na munganga aseme basi. Hapa wengi wanakosea: wiki ya tatu mtu anajisikia muzima, anarudi ziwani, anaacha dawa. Kama ni mwanamke mwenye mimba, ao anakunywa dawa za kifua kikuu, aseme mapema, maana flukonazoli haiendi vizuri na kila hali.

Na kama kuvu imekutwa kwenye maji ya mgongo? Hapo flukonazoli peke yake haitoshi. Tangu 2022, OMS inashauri amfoterisini B ya liposomu mara moja kwa mshipa, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Dawa hizo haziko kila mahali, kwa hiyo ulizeni mbele ya kusafiri ni hospitali gani inazo.

Jambo moja linashangaza familia: munganga anaweza kuchelewesha ARV. Hajamtupa mugonjwa. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliotangazwa 2014, kati ya wenye menenjiti hii walioanzishwa ARV haraka walikufa 45 kwa mia ndani ya miezi sita. Waliongojea kama wiki tano walikufa 30 kwa mia. Kinga ikiamka kwa haraka, inapigana na kuvu ndani ya ubongo, na ubongo unavimba. Kwa hiyo usimpe mugonjwa ARV za nyumbani ukifikiri unamsaidia. Kama maji ya mgongo ni safi, hatangojea muda mrefu hivyo.

Usirudishe kipimo cha CrAg kila mwezi kuona kama amepona. Alama inaweza kubaki ndani ya damu miezi mingi hata kama dawa inafanya kazi.

Unachopaswa kuchunga ni mwili wake: kichwa kinachouma siku nyingi bila kuacha, kutapika, shingo kukaza, kuona kitu kimoja kama viwili, ao kusema maneno yasiyoeleweka. Kwetu tunasema haraka ni malaria ao tifoyide, tunanunua dawa sokoni. Kwa huyu mwenye CrAg positif, usingoje. Mpeleke siku ile ile, na karatasi ya maabara mkononi, ili munganga atakayemupokea ajue pa kuanzia.