Pete tatu za Apollo na hesabu ya Hamilton

Ndugu zangu, mwaka ule wa TFE nilipoteza wiki mbili nzima juu ya ndege moja ndogo, ndege ya kuchora tu ku ordinatere. Ilitembea vizuri mpaka pua yake ilipoinuka kutazama juu kabisa. Pale pale ilijizungusha kama imepigwa kofi, mkia ukaenda upande wa pili, halafu ikatulia tena pua iliposhuka. Direkteri wangu akaniambia nirudilie hesabu. Nikarudilia mara tatu, na hesabu ilikuwa sawa. Njo nikaja kusoma kwamba watu wa Apollo walikuwa na shida ile ile, na wao hawakuwa wanatafuta pointi.

Kwanza tuelewane shida yenyewe ni gani. Shika telefone yako, ilaze ku meza, sehemu yake ya juu iwe ndiyo pua. Leonhard Euler, mwanahesabu wa karne ya 18, alituonyesha kwamba mkao wowote wa kitu unaweza kuelezwa kwa pembe tatu. Watu wa ndege wanazichukua hivi: unageuza pua kuume au kushoto, kisha unaiinua au kuishusha, kisha unabingirisha telefone ku mhimili wake mrefu. Pembe tatu, mizunguko mitatu, na kwa mikao mingi inatosha kabisa.

Sasa geuza pua kuume degre 40, iinue degre 90 mpaka isimame wima, kisha ibingirishe kuume degre 10. Kumbuka vile imekaa. Anza upya: kuume degre 30, inua 90, usibingirishe hata kidogo. Telefone imekaa vilevile! Juu ya nini? Pua ikisimama wima, mhimili wa kubingirisha umelala juu ya mhimili wa kugeuza. Mizunguko miwili imekuwa mmoja, kinachobaki ni tofauti yake tu: 40 kutoa 10, au 30 kutoa 0. Una namba tatu mkononi lakini njia mbili tu za kuzunguka. Mafundi wa lori wanajua neno kardani. Wafaransa wanaita hali hii blokaji ya kardani.

Na haingojei ufike 90 kamili. Ukitaka kujua pembe ya kugeuza inabadilika kwa mwendo gani, formile inakuambia ugawanye kwa kosinusi ya pembe ya kuinuka. Ku degre 70 mwendo unaongezeka karibu mara 3. Ku degre 85, zaidi ya mara 11. Ku degre 89, mara 57. Ku 90 unagawanya kwa sifuri. Ile ndege yangu haikuwa na wazimu, ilikuwa inatii formile.

Mu Apollo, pembe hizi hazikuwa za karatasi. Ndani ya chombo kulikuwa na jukwaa dogo lililotulizwa na jiroskopu, nalo lilibaki linaelekea upande uleule wa nyota hata chombo kizunguke namna gani. Lilining'inia ndani ya pete tatu, moja ndani ya nyingine, na ordinatere ilisoma pembe za pete kujua chombo kimeelekea wapi. Pete ya katikati ikifika degre 90, mhimili wa pete ya nje na wa pete ya ndani inalala mstari mmoja. Hapo kuna upande mmoja ambao hakuna pete ya kuupokea: chombo kikizunguka upande ule, kinalivuta jukwaa pamoja nacho. Jukwaa likivutwa, limesahau nyota zake.

Dawa ilijulikana. Gemini, chombo kilichotangulia Apollo, kilikuwa na pete nne. Pete ya ziada inazifukuza zile nyingine zisilale pamoja. Apollo ilibaki na tatu, kwa sababu ya uzito na ugumu wa masini, na mainjinia waliona rubani anaweza kuepuka tu. Wakaweka taa ya onyo ku degre 70 za pete ya katikati, na ku degre 85 ordinatere inaacha kulifuata jukwaa. Katika safari ya Apollo 11 Michael Collins aliwatania watu wa chini wamtumie pete ya nne kama zawadi ya Noeli. Mimi naona utani ule ulikuwa na malalamiko ndani.

Utani uliisha tarehe 13 Aprili 1970. Tanki ya oksijeni ya Apollo 13 ilipasuka, na gesi iliyokuwa inatoka ikawa inasukuma chombo huku na huku. Jim Lovell alikuwa anapigana na usukani asiingie sehemu ya pete kufunga. Wakahamia chombo cha kutua mwezini. Kabla ya kuzima chombo kikubwa, Lovell akapeleka pembe za jukwaa la kwanza ku la pili kwa kalamu na karatasi, na akaomba Houston wahakikishe hesabu yake. Kwa kawaida ukipoteza jukwaa unalipanga upya kwa kupima nyota. Lakini vipande vya mlipuko vilikuwa vinang'aa pande zote, huwezi kutofautisha nyota na takataka. Baadaye walipotaka kuhakikisha jukwaa bado liko sawa, walitumia jua. Kama pete zingefunga katika saa zile, injini ya kuwarudisha nyumbani ingewashwa ikielekea wapi?

Hesabu isiyo na shimo hili ilikuwa tayari miaka zaidi ya mia moja. Tarehe 16 Oktoba 1843, William Rowan Hamilton alikuwa anatembea na bibi yake kando ya mfereji, Dublin. Miaka mingi alitafuta namna ya kuzidisha namba za sehemu tatu, akashindwa. Pale ku daraja la Broom akaona kwamba inahitaji sehemu nne, akachonga ku jiwe la daraja:

```
i² = j² = k² = ijk = −1
```

Hizo ndizo kwaternioni. Ndani yake i mara j ni k, lakini j mara i ni −k. Watu waliona ajabu, ila telefone yako inajua tayari: ukibadilisha mfuatano wa mizunguko, mkao wa mwisho unabadilika. Olinde Rodrigues, Mfaransa, alikuwa amechapisha formile ya mizunguko yenye nusu-pembe mwaka wa 1840, na mpaka leo hasifiwi vya kutosha.

Badala ya mizunguko mitatu kwa foleni, kwaternioni inashika mhimili mmoja na pembe moja. Namba ya kwanza ni kosinusi ya nusu ya pembe, tatu zinazobaki ni mhimili ukizidishwa na sinusi ya nusu hiyo. Kuinua pua degre 90:

```
q = (0.7071, 0, 0.7071, 0)
```

Hakuna kugawanya kwa sifuri, na 90 ni pembe kama zingine. Mwaka wa 1985 Ken Shoemake alionyesha watu wa filamu za ordinatere namna ya kutoka mkao mmoja hadi mwingine kwa njia laini, na tangu hapo zimeenea.

Lakini kwaternioni haiponyeshi pete za chuma, hizo zinahitaji pete ya nne au kuondolewa kabisa. Tena ukitoka ku kwaternioni ukaandika pembe za Euler ku ekrani, shimo linarudi palepale ku 90. Ku TFE yangu nilibadilisha yote, pua ikapita wima bila kutetemeka. Kisha ndege ikaanza kuchagua njia ndefu, inazunguka degre 350 mahali 10 zinatosha. Nilikuwa nimesahau kwamba q na −q ni mkao uleule. Ukizidisha kwaternioni mbili sehemu kwa sehemu, ukajumlisha, jumla ikawa chini ya sifuri, geuza alama za moja. Mstari mmoja wa kode, na siku nne za kuutafuta.