Alama ya kidole ikikataa kwenye brauza, anwani itazamwe kabla ya kuandika nenosiri

Mtu anafungua ukurasa wa kuingia kwenye akaunti yake, simu inamtaka aweke kidole, anaweka, halafu kimya. Wakati mwingine kisanduku cha kidole hakijitokezi kabisa. Chini yake kuna nafasi ya kuandika nenosiri, na wengi huandika palepale ili shughuli iishe. Hapo ndipo baadhi yao hupoteza akaunti.

Kinachomwingiza mtu kwenye akaunti si kidole chenyewe. Kidole kinafungua ufunguo wa siri, ambao kwenye skrini husomeka "passkey". Alama ya kidole haitumwi kwenye tovuti. Inabaki ndani ya simu. Ufunguo huo nao umefungwa kwa jina la tovuti ambako ulitengenezwa. Wa google.com utafanya kazi kwenye kurasa za google.com tu. Tovuti feki inaweza kuiga rangi, nembo na kila kitu, lakini haiwezi kuuita ufunguo huo. Nenosiri halina kinga hiyo, kwa sababu mtu anaweza kuliandika popote.

Chukua mfano wa muuza nguo aliyebofya linki ndani ya Facebook ikidai akaunti yake ya Google inakaribia kufungwa. Ukurasa unafunguka, unafanana kabisa na wa Google, kisha unasema alama ya kidole imeshindikana, aandike nenosiri. Juu anwani inasomeka hivi:

```
accounts.google.com.ingia.example/login
```

Mwanzo wake unavutia, lakini jina halisi la tovuti husomwa kuanzia mkwaju wa kwanza kurudi nyuma. Hapa ni ingia.example, siyo google.com. Ukurasa wa kweli wa kuingia Google uko accounts.google.com, kisha unafuata mkwaju. Dalili nyingine ni kwamba Chrome iliyohifadhi nenosiri la Google haitajitolea kulijaza kwenye ukurasa kama huo. Hiyo siyo hitilafu ya kuudhi, ni ulinzi unaofanya kazi yake.

Lakini siyo kila kushindwa ni utapeli. Linki iliyobofywa ndani ya Facebook au Instagram mara nyingi hufunguka kwenye brauza ndogo ya humohumo, na huko ufunguo wa siri huweza kukataa hata kama tovuti ni halali. Dawa ni kufunga ukurasa huo, kufungua Chrome na kuandika anwani ya tovuti kwa mkono. Njia hii inatatua mambo mawili kwa mpigo: kama linki ilikuwa feki, mtu ameshaikwepa.

Kama bado inagoma ndani ya Chrome, tatizo huenda ni simu. Kidole chenye maji, mafuta au saruji hakisomeki vizuri, na Android ikikataa kidole mara tano mfululizo husubirisha kwa sekunde 30. Kidole kisipokubali, PIN au mchoro wa kufungulia simu hufungua ufunguo uleule, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia nenosiri. Aliyeondoa kabisa namba ya kufungulia skrini anapaswa kuirudisha kwanza. Na aliyehama kutoka aifoni kwenda Android huenda ufunguo wake umebaki kwenye aifoni.

Nenosiri linakuja baada ya hapo, anwani ikishahakikiwa. Kwa Google, mtumiaji anaandika barua pepe yake, na simu ikidai kidole anagusa "Try another way", kisha "Enter your password". Google inaweza pia kudai uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayotumwa kwa meseji. Namba hiyo haisomwi kwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja.

Shida kubwa huwapata waliozoea kidole hadi wakasahau nenosiri, huku laini ya simu waliyojisajilia ilishakufa. Hao wanabaki na g.co/recover, na kurudishiwa akaunti si jambo la uhakika. Ni heri kubadilisha namba ya zamani sasa, wakati kidole bado kinakubali.

Aliyefanikiwa kuingia aende myaccount.google.com, sehemu ya usalama, kisha "Passkeys and security keys". Pale ataona funguo zilizopo na anaweza kutengeneza mpya kwa simu anayotumia. Ufunguo wa simu iliyoibwa au kuuzwa aufute hapohapo. Na kama nenosiri lilishaandikwa kwenye ukurasa feki, alibadilishe siku hiyohiyo, kisha afungue "Your devices" na kuiondoa kila simu au kompyuta asiyoitambua.