Ndoo za rangi na siri iliyojengwa hadharani

Mchoro unaotumika kueleza jinsi watu wawili wanavyojenga siri hadharani hauna makuu. Alice yuko upande mmoja, Bob upande wa pili, na kati yao ipo njia inayoonekana na kila mtu. Kila mmoja ana ndoo yenye lita moja ya rangi ya njano, ambayo hata adui anaijua. Alice anatia humo lita moja ya rangi yake ya siri, tuseme nyekundu. Bob anatia lita moja ya bluu. Wanapelekeana ndoo hizo hadharani, kisha kila mmoja anaiongezea ndoo aliyopokea lita moja ya rangi yake. Mwishowe ndoo zote mbili zina njano, nyekundu na bluu, lita moja moja. Simon Singh aliutumia mfano huu katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu historia ya maandishi ya siri, na hadi leo wanafunzi wengi hukutana na ndoo hizo kabla ya kukutana na hesabu yake.

Kama maelezo ya historia, ndoo zinafaa sana. Kwa karne nyingi, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri walilazimika kwanza kupeana ufunguo kwa mkono au kupitia tarishi wa kuaminika. Siri ilihitaji siri nyingine iitangulie. Mnamo Novemba 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kuuvunja mnyororo huo. Ralph Merkle alikuwa ameshalishika tatizo hilo hilo tangu 1974, na baadaye Hellman mwenyewe akasema jina la Merkle linastahili kuwa pamoja na yao. Huko Uingereza, Malcolm Williamson wa idara ya serikali ya mawasiliano ya siri aliifikia hesabu hiyo mwaka 1974, ila kazi yake ilifungiwa kabatini hadi 1997. Jambo lililoonekana muhali, yaani kujenga siri mbele ya adui, ndoo zinalifanya lieleweke: haidhuru nani katia rangi yake kwanza.

Lakini hebu tumpe mdukizi ndoo ya tatu. Achote kutoka katika ndoo zote mbili zilizopita njiani, kiasi sawa, na kuchanganya. Atapata njano sehemu mbili, nyekundu moja na bluu moja. Siri yenyewe ni sehemu moja moja. Amezidisha njano tu, na njano anaijua! Hana haja hata ya kutenganisha rangi. Amefika karibu na mlango bila kusumbuka. Kwa maneno mengine, mfumo wa ndoo ungekuwa dhaifu mno.

Hesabu halisi haina mwanya huo. Tuchukue namba tasa 17 na namba 3, zote zikijulikana na watu wote. Alice anachagua 5 kwa siri: anaipandisha 3 kwa kipeo cha 5, apate 243, anaigawa kwa 17 na kutuma baki, ambalo ni 5. Bob anachagua 7. 3 kwa kipeo cha 7 ni 2187, na baki ni 11. Sasa Alice anaipandisha 11 kwa kipeo chake cha 5, Bob anaipandisha 5 kwa kipeo chake cha 7, na wote wanabaki na 10. Mdukizi ameziona 5 na 11. Akizizidisha anapata 55, ambayo baki lake ni 4. Mchanganyiko wake haumsogezi popote, kwa sababu vipeo vimejumlishwa, ilhali siri inataka vipeo vizidishwe.

Atasema mtu kwamba kila mfano una kasoro, na huu ni wa wanaoanza. Sawa, ila kasoro hii imekaa palepale ulipo uvumbuzi. Rangi inafundisha kwamba ugumu ni kutenganisha kilichochanganyika. Kumbe ugumu ni kukitafuta kipeo kutokana na baki, na huo hutegemea ukubwa wa namba: kwa 17, mdukizi hujaribu vipeo vichache na kumaliza, kwa namba tasa ya tarakimu zaidi ya 600, kompyuta za leo hazijui njia ya kufika. Tena hakuna aliyethibitisha kwamba njia hiyo haipo.

Mahali pamoja ndoo zinasema kweli kuliko zinavyosifiwa. Adui anayeweza kuzizuia ndoo njiani na kupeleka zake atakuwa na siri moja na Alice na nyingine na Bob, na hakuna kati yao atakayegundua. Namba nazo hazina kinga dhidi ya hilo. Ndiyo maana leo hutiwa saini za kidijitali. Basi mchoro na ubaki vitabuni, ila chini yake iandikwe kwamba 5 mara 11 inabakisha 4, wala si 10.