Ada za tikiti: Fedha zipi hurejeshwa tamasha likifutwa?

MNUNUZI wa tikiti mtandaoni aghalabu huona bei moja kwenye tangazo na nyingine wakati wa kulipa. Tofauti hiyo ni ada ya huduma, na ndiyo huzua mzozo tamasha linapofutwa.

Chukua mfano wa mtu anayenunua tikiti mbili za Sh2,500 kila moja. Katika ukurasa wa mwisho, anaongezwa ada ya huduma ya Sh150 kwa kila tikiti na Sh100 za kushughulikia malipo. Badala ya Sh5,000, analipa Sh5,400.

Fedha hizo huenda pande mbili. Sh5,000 ni za mwandalizi wa tamasha, ilhali Sh400 hubaki kwa kampuni inayouza tikiti kwa niaba yake, ambayo hutoa sehemu yake kugharimia malipo ya simu au kadi.

Tamasha likifutwa, bei iliyoandikwa kwenye tikiti ndiyo hurejeshwa kwa kawaida. Kuhusu zile Sh400, kampuni nyingi hudai kuwa kazi yao ilikuwa kuuza tikiti, na kwamba ilikamilika siku ya mauzo. Iwapo masharti ya mauzo yanasema hivyo, mnunuzi hupata Sh5,000 pekee.

Kasi ya kurejeshewa hutegemea aliye na fedha. Baadhi ya kampuni huzihifadhi hadi tamasha lifanyike, na hizo huweza kuzirudisha mara moja. Nyingine humkabidhi mwandalizi mapema ili alipie ukumbi, vyombo na wasanii. Hapo mnunuzi huambiwa asubiri mwandalizi azirejeshe kwanza.

Jambo hili liliamuliwa nchini Ujerumani, ambako matamasha mengi yalifutwa mwaka wa 2020 kutokana na janga la Covid-19. Julai 2022, Mahakama ya Juu ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kuwa wakala aliyeuza tikiti alikuwa ametimiza wajibu wake, na kwamba hakupaswa kumrejeshea mnunuzi fedha za tamasha lililozuiwa na janga hilo. Aliyestahili kudaiwa ni mwandalizi.

Kwa sababu hiyo, jina la mwandalizi ni muhimu kama jina la tovuti. Tikiti isiyomtaja mwandalizi humwacha mnunuzi bila wa kumdai.

KUFUTWA NA KUAHIRISHWA

Neno linalotumiwa na mwandalizi pia lina uzito. "Kufutwa" humpa mnunuzi haki ya kudai fedha, ilhali "kuahirishwa" mara nyingi humaanisha kuwa tikiti itatumika siku nyingine.

Mwaka wa 2020, kampuni ya Ticketmaster ya Marekani ililaumiwa na wateja baada ya maelezo ya tovuti yake kubadilishwa yasiwataje tena waliokuwa na tikiti za matamasha yaliyoahirishwa miongoni mwa watakaorejeshewa fedha.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, msomaji ayatafute masharti yanayohusu kuahirishwa. Yafaa yaseme ni kwa muda gani mwenye tikiti anaweza kudai fedha zake baada ya tarehe mpya kutangazwa. Yakinyamaza, mwandalizi anaweza kuahirisha bila kutaja tarehe huku fedha akiwa nazo.

SHERIA

Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutekelezwa Mei 12, 2025 inawataka wauzaji wa tikiti kuonyesha jumla ya bei tangu mwanzo. Haikupiga marufuku ada; ilipiga marufuku kuzificha.

Nchini Kenya, kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza kumtoza mtumiaji ada ambayo hakujulishwa mapema, hata iitwe jina gani. Ada inayoonyeshwa kabla ya kulipa, hata kama ni katika ukurasa wa mwisho, ni vigumu kuipinga kwa kifungu hicho. Ile inayogunduliwa baada ya fedha kukatwa ni rahisi zaidi kuipinga.

Anayedai fedha anahitaji ushahidi: ujumbe wa malipo wenye nambari ya muamala, tikiti yenyewe, tangazo la kufutwa, na nakala ya masharti jinsi yalivyokuwa siku ya ununuzi, kwani huweza kubadilishwa baadaye.

Dai hutumwa kwa maandishi kwa mwandalizi na muuzaji pamoja, likitenganisha bei ya tikiti na ada. Aliyelipa kwa kadi anaweza pia kuiomba benki yake ipinge malipo hayo, lakini asikawie, kwa kuwa ombi hilo lina muda wake maalumu.

Wakikataa, malalamishi kuhusu ada zilizofichwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Deni lenyewe linaweza kudaiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza kesi zisizozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuziamua katika siku 60.